Siku za Gereji

"Siku tatu ni siku tatu."

"Injini imekamata, shemeji. Hesabu nitaitoa wapi? Nimkamue fundi?"

"Hayo hayamo kwenye karatasi," nikamwambia.

"Karatasi si uliiandika wewe!"

"Ndiyo maana najua hayamo."

Fundi alicheka puani bila kuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa juu ya gunia, mikono myeusi hadi viwiko, na injini ya shemeji imelala mbele yake imefunguliwa kama kuku. Pistoni ilikuwa na michirizi mirefu, utadhani paka kaichakura. Bloku ilishapelekwa kwa mchonga vyuma tangu juzi, na mchonga vyuma alikuwa na foleni.

"Kesho kutwa," fundi akasema. "Ikirudi nafunga pistoni mpya na ringi mpya, jioni inanguruma. Lakini kesho kutwa, si leo. Nyie gombaneni tu, bloku haisikii."

Shemeji alinitazama. Huyu ndiye aliyemwoa dada yangu. Mtu mpole mpaka anaudhi, yule ambaye abiria mbishi akimbishia nauli, mwisho yeye ndiye anaomba radhi. Kofia yake ngumu alikuwa ameivaa kichwani japo hakuwa na pikipiki ya kuendesha. Siku tatu anakuja nayo gereji hivyo hivyo, anakaa kwenye tairi bovu, anangoja.

"Zimebaki siku ishirini na tatu chombo kiwe changu," akasema. "Ishirini na tatu, shemeji. Nimelipa miezi kumi na moja na kitu. Nani anamnyang'anya mtu mtoto anayesimama dede?"

Shangazi yangu, mwenye mali, alikuwa njiani, alishapiga simu.

Mambo haya yalianza hivi. Shangazi alikuwa muuguzi miaka thelathini na mbili. Alipostaafu akapata kiinua mgongo, na kila mtu kwenye ukoo akapata wazo. Mmoja kuku, mwingine duka. Mimi nikamwambia pikipiki. Mimi shule niliiacha darasa la saba nikiwa na haraka ya maisha, lakini pikipiki naijua kuliko kiganja changu, nimeendesha za watu miaka sita.

Nikaenda kuandika mpango nyumbani kwa dada, nyuma ya kalenda ya zamani. Shemeji ndiye aliyenishikia hiyo kalenda isijikunje. Tukaandika bei ya chombo kipya na usajili na bima, jumla milioni mbili na laki tisa. Dereva analeta hesabu ya elfu kumi kila siku. Mafuta juu ya dereva, lita tatu kwa siku ukikimbia vizuri. Oili juu ya dereva, kila wiki mbili, huyo shemeji ndiye alinikumbusha, maana wengine wanasema mwezi. Cheni na sproketi kila miezi minne. Tairi la nyuma linakwisha kabla la mbele. Akilipa siku mia tatu na sitini, chombo chake, kadi anakabidhiwa.

Halafu shemeji akasema, "Na siku za gereji?"

"Weka nne kwa mwezi," nikamwambia. "Siku ambazo dereva haleti kitu. Chombo nacho kinaumwa."

Kwa hiyo mwezi ukawa siku ishirini na sita. Mkataba ukawa karibu miezi kumi na minne. Ulikuwa mpango wa kweli ule. Hata leo nasema ulikuwa wa kweli.

Kesho yake nikaenda kwa shangazi na kalenda yangu imekunjwa mfukoni. Nikamkuta na muuza pikipiki, mtu wa suruali ya kunyooshwa, anamwambia chombo kinafanya kazi siku thelathini kwa mwezi, mwaka mmoja pesa yote imerudi na chenji juu, na yeye ana kijana wake wa kusimamia. Shangazi akanigeukia. "Na wewe mpango wako unasemaje?"

Kalenda sikuitoa. Nikasema, "Thelathini. Mwaka mmoja."

Nikaongeza na la kwangu ili nimzibe mdomo yule wa suruali: dereva akikosa hesabu siku tatu mfululizo, kwa sababu yoyote, chombo kinarudi kwa mwenye mali na alicholipa hakirudi. Shangazi alilipenda hilo. Alisema hiyo ndiyo nidhamu, hata dozi ukiruka unaanza upya. Akanunua pikipiki sita. Tano za madereva, ya sita nitumie mimi msimamizi, na zile tano zikitimiza mwaka bila shangazi kupoteza hata mia, ya sita ni yangu, bure.

Ile kalenda niliiwashia jiko.

Shemeji alipokuja kutia dole gumba, alisoma karatasi mpya mara mbili. Akauliza kwa sauti ndogo, "Zile siku nne?"

"Zimekatwa juu," nikamwambia. "Mwenye mali hataki." Akaweka dole. Nyumbani dada alikuwa na mimba ya pili.

Mwezi wa nane wa mkataba akaniambia pikipiki inatoa moshi wa bluu, inakula oili. Nilijua ni ringi. Mtoto mdogo anajua ni ringi. Dawa yake ni kuifungua mapema, siku moja au mbili, ringi mpya, basi. Lakini siku mbili za gereji ni hesabu mbili za kutoa mfukoni, na mfukoni hana.

"Ongezea tu oili," nikamwambia. "Sukuma sukuma, umebakiza kidogo."

Akawa anaongezea. Kumwaga ile chafu hamwagi, anaongezea, chupa ya oili imefungwa kwa mpira chini ya kiti kama dawa ya pumu. Mpaka asubuhi ile amepakia mama mmoja na magunia mawili ya mkaa, kwenye mlima, akasikia injini imeshika kwa ndani na tairi la nyuma likagoma kuzunguka. Mama hakuumia. Mkaa ulimwagika wote, akalipa.

Shangazi aliingia gereji na viatu vyake vyeupe vya kazini ambavyo hajaviacha mpaka leo. Akaruka dimbwi la oili. Akatazama injini kama anavyotazama kidonda.

"Siku ya ngapi hii?"

"Ya tatu, shangazi," nikasema.

"Mama," shemeji akavua kofia, akaishika kifuani. "Shikamoo mama. Naomba siku mbili tu. Fundi huyu hapa, muulize. Gharama ya fundi nimeshalipa nusu, nimeuza redio. Nimebakiza siku ishirini na tatu."

"Marahaba. Mkwe, mimi sina ubaya na wewe. Lakini karatasi tulikubaliana. Nikikuachia wewe, na wale wanne watakuja na redio zao."

"Mama, kulikuwa na karatasi nyingine."

Nikainama kama naikagua pistoni.

"Ipi?"

"Ya kwanza. Tuliandika nyuma ya kalenda, mimi na huyu. Ilikuwa na siku nne za gereji kila mwezi, dereva halipi. Huyu akaniambia wewe ndiye uliyekataa." Akanigeukia, na sura yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningeiweza. "Mwambie, shemeji. Mwambie tu kwamba ilikuwepo. Mimi sidai kitu kingine."

Shangazi akanitazama kwa juu ya miwani.

"Mimi sijawahi kuletewa karatasi ya siku za gereji. Ningeletewa ningeisoma. Miaka thelathini na mbili wodini, unadhani sijui kwamba kila kitu kina siku ya kulala?" Akasogea. "Ilikuwepo, au haikuwepo?"

Fundi akaacha kugonga.

Pikipiki ya sita ilikuwa pale nje, nimeiegesha kivulini, tangi linang'aa, kiti nimekishona upya kwa pesa yangu. Ikiwepo karatasi, basi nilimdanganya shangazi, na msimamizi mwongo hapewi kitu. Isipokuwepo, shemeji ni mfa maji. Hesabu yake ndogo, hata darasa la saba wanaiweza.

"Haikuwepo," nikasema. "Ana mawazo tu, shangazi. Mtu akibanwa anasema lolote."

Shemeji akaigeuza kofia yake mikononi.

"Haya," shangazi akasema. "Ufunguo."

Ulikuwa na kamba ya bluu aliyosokota dada yangu. Shemeji alihangaika kuifungua ile kamba, vidole vinateleza, mpaka fundi akampa bisibisi. Akaitoa, akaiweka mfukoni, akampa shangazi ufunguo mtupu. Shangazi akanipitishia mimi.

"Ikipona, mtafutie dereva mwingine. Mkataba mpya, mwaka mzima, siku ya kwanza hadi ya mwisho. Na safari hii weka siku za gereji, mbili kwa mwezi. Inaonekana bila hizo wanaua injini."

"Sawa, shangazi."

"Mbili," shemeji alisema hivyo tu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

"Na ile nusu ya fundi?" fundi akauliza. "Aliyolipa huyu?"

"Si amelipa?" shangazi akasema. "Basi imelipwa. Iliyobaki nitatoa mimi." Akaruka tena dimbwi, akasimama mlangoni, akanigeukia. "Na wewe, mwaka haukutimia kwa zote tano. Hii imeanza upya, na ya kwako inaanza nayo. Karatasi ni karatasi, mwanangu. Jioni lete hesabu za wale wanne."

Akaondoka. Fundi aliinama, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka mpaka machozi, mshenzi yule.

Tukabaki mimi na shemeji, katikati yetu injini iliyopasuliwa. Nikaona niseme la kikubwa.

"Kuna jamaa anatafuta dereva wa siku," nikamwambia. "Si wa mkataba. Naweza kukusemea."

"Dada yako utamwambia wewe," akauliza, "au nimwambie mimi?"

"Kumwambia nini?"

Akavaa kofia yake, akafunga na mkanda chini ya kidevu vizuri, kama mtu anayeanza safari ndefu, akatoka. Nje mwanamke mmoja mwenye kapu alimwona na ile kofia, akapunga mkono upande wa pili wa barabara: "Pikipiki! We pikipiki!" Shemeji alisimama. Mkono wake wa kulia ukajikunja wenyewe, ukashika hewa, ukazungusha kama anaongeza mafuta. Halafu akaushusha, akamgeuzia mgongo yule mwanamke na mimi pia, akaondoka kwa miguu.