Kumi na Nne kwenye Projekta

Bwana Saadi ana ulimi mtamu, na huo ndio msiba wetu.

Wafadhili walikuwa wanakuja Kibiti na chombo kimoja tu cha kubebea wagonjwa: ama boti ya mashine kwa sisi wa Kiongoroni, kisiwani, ama gari kwa wenzetu wa Nyamwage. Kila upande ungejieleza kwa dakika tano. Bwana Saadi, bosi wangu wa afya, alitaka karatasi ya projekta ijae majedwali. Nikakataa. Mimi mkunga, nikamwandikia namba moja kubwa, 14, na chini yake mstari mmoja: *Saa za mama wa Kiongoroni kwa mtumbwi hadi hospitali. Wastani wa safari zote za mwaka jana.*

"Weka, soma mstari, kisha nyamaza," nikamwambia. "Waiangalie wenyewe. Halafu mtaje mama mmoja, uombe boti, ukae."

"Ninyamaze mbele ya wageni? Dada Mwanamina, si adabu. Na aibu yote hiyo tuianike?"

"Mficha uchi hazai, bwana."

Akacheka, akakubali. Nami nikaamini, mjinga mimi!

Siku yenyewe jenereta likanguruma, namba ikajaa ukutani. Wageni wakaacha kupekua makaratasi. Mama mmoja wa kizungu akashika mdomo. Nikasema moyoni, hapo hapo, nyamaza! Ukimya ukamchoma Bwana Saadi kama siafu.

"Lakini msishtuke, wageni wetu," akasema. "Maji yakiwa yamejaa safari huwa ya saa kumi tu. Na kina mama wetu ni wavumilivu mno, wamezoea."

Nikaona yule mama anashusha mkono. Wakatupigia makofi, sijui ya nini.

Akaja Huseni wa Nyamwage, kijiji kilicho kando ya barabara kuu, wallahi! Karatasi yake ilikuwa na 2. Akasoma: "Saa mbili za kungoja lori, huku damu inatoka." Akanyamaza mpaka viti vikalia. Kisha akasema, "Mke wangu alingoja hivyo," akakaa.

Gari likaenda Nyamwage. Simlaumu Huseni, alimzika mkewe kweli. Bwana Saadi akanipa mkono kwa furaha: "Namba yako imependeza! Mwakani tuikuze zaidi." Nilitamani kumzaba kibao.

Nikarudi Kiongoroni kwa mtumbwi. Wanawake walikuwa wanangoja, wakitazama nyuma yangu.

"Mashine iko wapi?" akauliza Maimuna.

"Wameambiwa nyinyi ni wavumilivu."

Wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kwa hasira. Mwanabaraka, mwenye tumbo la miezi minane, hakucheka. Alingoja tunyamaze, akaniuliza taratibu:

"Sasa mie, bibi mkunga, nianze safari lini?"