Kifungu cha Saba cha Waranti

Hati ya waranti ya hita za maji ilikuwa na kurasa nne, vifungu kumi na tisa, na herufi ndogo kiasi kwamba mtu mwenye macho mazima alihitaji taa ya mezani ili aisome. Meneja wa huduma aliiweka mbele ya Mhariri siku ya Jumatatu, akaipiga kofi dogo kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyekaa sana.

"Iandike upya," alisema. "Mteja aione haraka kasoro tunazozibeba, hatua za kudai, na siku zake za kudai. Ukurasa mmoja. Ila usimwongezee mtu haki wala usimpunguzie."

"Na ya zamani iliandikwa na nani?"

"Na watu watatu kwa miaka sita, na hawajawahi kukaa chumba kimoja."

Mhariri alicheka, lakini kidogo tu. Alikuwa na miaka kumi na moja katika ofisi ile ya ghorofani, juu ya ukumbi ambamo matangi yalifungwa mabomba na nyaya kabla ya kuingizwa kwenye maboksi. Katika miaka hiyo alikuwa amejifunza kwamba maandishi ya mikono mingi hayana mtu wa kuyajibia.

Hakuanza kwa kuandika. Alianza kwa mkasi. Alitoa nakala ya hati, akakata kila kifungu kikawa kipande chake, kisha akaweka bahasha tatu mezani: Kasoro, Hatua, Muda. Ndiyo ilikuwa desturi yake na kila hati ndefu, na wenzake walimtania kwamba anafanya kazi kama fundi cherehani. Kifungu cha nne kiliingia kwenye Kasoro. Cha kumi na mbili, kilichotaka dai lifike ndani ya siku kumi na nne tangu kasoro ionekane, kiliingia kwenye Muda. Kufikia adhuhuri bahasha ya Hatua ilikuwa na vipande vitano, akavimwaga mezani ili avipange kwa mfuatano ambao mteja angeufuata.

Hapo ndipo mkono wake uliposimama.

Kifungu cha saba, kutoka ukurasa wa pili, kilisema kwamba dai la vali ya usalama halitapokelewa mpaka liambatane na vali yenyewe. Kifungu cha kumi na tano, kutoka ukurasa wa nne, kilisema kwamba waranti inakufa papo hapo iwapo sehemu yoyote ya hita itafunguliwa na mtu asiye fundi wa kampuni. Na kifungu cha kumi na sita kilisema kwamba fundi wa kampuni hutumwa baada ya dai kupokelewa.

Alivisoma tena kwa sauti ya chini. Kurasa mbili zilikuwa zimevitenganisha vifungu hivyo kwa miaka sita. Sasa vilikuwa vimelala bega kwa bega juu ya meza yake, na hakukuwa na njia ya kupita katikati yao. Hakuna binadamu aliyeweza kudai vali.

Alishuka ngazi hadi kwa Karani wa madai, mzee aliyekaa katika chumba kisicho na dirisha, kuta zake zimefunikwa na majalada tangu sakafuni hadi darini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshuka mwenyewe leo? Basi kuna jambo."

"Madai ya vali ya usalama huwa unayapeleka wapi?"

"Yaliyokamilika huenda kwa Mhandisi, huko anahesabu kasoro zake. Yasiyokamilika namwandikia mteja barua alete kilichopungua, kisha nayaweka pale." Alionyesha boksi la kadibodi chini ya rafu. "Ya vali, kusema kweli, sijawahi kuona lililokamilika."

"Hata moja?"

"Hata la dawa. Nilidhani watu wavivu."

Mhariri alichuchumaa. Madai yalikuwa arobaini na moja, yote ya aina moja ya hita. Aliyasoma yote akiwa palepale sakafuni. Hawakuwa wametumia maneno ya hati, "kushindwa kwa vali kuachia mgandamizo". Waliandika kama watu. *Mwanzo vali ilikuwa inadondosha maji wakati hita inawaka, sasa haidondoshi.* *Imeacha kutoa matone, ila tangi linanguruma.* *Maji yanatoka ya moto kupita kiasi na vali kimya.*

Alifahamu vya kutosha kujua maana yake. Maji yakichemshwa hutanuka, na vali ile iliwekwa ili itoe matone kadhaa, presha isijae tangini hadi likapasuka. Mteja aliyeona matone alidhani hita ni mbovu, na yalipokoma alidhani imepona. Ni wachache tu walioshtuka na kuandika, na hao ndio waliokuwa ndani ya boksi.

Alilibeba boksi mwenyewe hadi kwa Mhandisi.

"Vali?" Mhandisi alifungua ripoti yake bila wasiwasi. "Tazama hapa. Kidhibiti joto, kumi na tisa. Kuvuja kwa tangi, saba. Vali ya usalama, sifuri. Ndiyo sehemu yetu bora kuliko zote, dada."

"Ni sifuri kwa sababu lango limefungwa, siyo kwa sababu hakuna anayebisha hodi."

Mhandisi alisoma madai matatu, akayarudisha taratibu. "Watu huandika mengi. Siwezi kusimamisha mstari wa uzalishaji kwa barua. Niletee vali yenyewe."

"Hata wewe unataka vali," alisema Mhariri, na hakuwa akitania.

Alirudi mezani kwake akampigia dada yake mkubwa, aliyenunua hita ya aina hiyohiyo kwa punguzo la wafanyakazi.

"Dada, hita yenu inadondosha maji pale kwenye vali?"

"Aa, ile kero ilikwisha. Shemeji yako alikuwa ameshaweka ndoo pale chini, siku moja tukaona imekauka. Tena tulikuwa tunakusifu."

"Tangu lini?"

"Nitajuaje? Kitu kikiacha kusumbua nani anaandika tarehe?"

"Kaizime kwenye swichi kubwa. Sasa hivi, dada. Halafu mtu yeyote asiiguse."

"Mbona unanitisha?"

"Kaizime kwanza, nikiwa kwenye simu."

Mhandisi alikwenda pamoja naye alasiri ileile, akiwa na begi la vifaa na uso wa mtu anayemridhisha mwenzake. Bafu la dada lilikuwa safi, ndoo imekwishapata kazi nyingine ya kutunzia sabuni. Mhandisi aliacha tangi lipoe, akafunga maji, akaifungua vali, akabonyeza mkono wake mdogo wa kuachia maji. Haukusogea. Alibonyeza tena kwa koleo. Chokaa ya maji ilikuwa imeushikilia moyo wa vali kama saruji. Alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, vali ikiwa mkononi.

"Kidhibiti joto nacho kikiharibika pamoja na hii," alisema hatimaye, "tangi halina pa kupumulia."

"Kwenye ripoti yako kuna vidhibiti joto kumi na tisa vilivyoharibika."

"Nakumbuka nilivyokusomea."

Asubuhi iliyofuata vali ilikuwa juu ya meza ya Meneja, na kando yake ukurasa mmoja. Mhariri alikuwa ameuandika kwa majedwali mawili na sentensi fupi. Kasoro ya vali ilikuwa ya kwanza kabisa: *Vali haitoi hata tone wakati hita inawaka. Zima hita. Usifungue chochote. Tupigie, fundi wetu atakuja.* Hakukuwa tena na sharti la kuleta vali.

Meneja alisoma mara mbili. "Nilikuambia usiongeze haki."

"Sijaongeza. Kifungu cha nne kinasema vali tunaibeba kwa miezi ishirini na minne. Nimetoa sharti ambalo halikuweza kutimizwa."

"Na siku kumi na nne ziko wapi? Hawa arobaini na moja zimewapita zamani."

"Zihesabiwe tangu lini? Kudondosha huonekana, Meneja. Kuacha kudondosha hakuonekani. Dada yangu hajui siku ilipoanza, na mimi ndiye ndugu yake wa kiwandani. Nimeandika muda mmoja tu: miezi ishirini na minne tangu tarehe ya risiti. Na tutangaze kwamba unawahusu na walionunua zamani."

Meneja alimtazama Mhandisi, akitafuta msaada. Mhandisi aliisukuma ile vali kidogo kuelekea upande wake.

"Saini," alisema. "Mstari nimeshausimamisha."

Meneja akasaini, kalamu ikikwaruza karatasi. Kabla ya saa nne ukurasa ule ulikuwa umetumwa kwa wauzaji wote. Lakini wale arobaini na moja hawakuwa wa kusubiri tangazo. Mhariri na Karani waligawana namba za simu, wakaketi wakitazamana katika chumba kile kisicho na dirisha, wakaanza kupiga, Mhandisi akisubiri mlangoni na begi lake la vifaa.

Walipokea mmoja baada ya mwingine. Wengine walilalamika, mmoja alitukana, wote wakazima hita. Karani aliweka alama ya kalamu nyekundu kwa kila mmoja, na kwa mara ya kwanza mchana huo Mhariri alihisi mabega yake yakishuka. Walikuwa wamefika namba ya thelathini na moja. Simu ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti ya taratibu.

"Nyinyi ndio mlioniandikia kwamba dai langu halijakamilika?"

"Ndiyo, mama, na tunaomba radhi. Tunabadilisha utaratibu. Hutatakiwa kuleta vali."

"Lakini nimeshaileta," alisema mwanamke. "Niliituma jana kwa posta. Barua yenu ilisema bila vali hakuna dai, basi mume wangu akaifungua."

Mhariri alisimama bila kujua kwamba amesimama. "Na pale ilipotoka, mliacha wazi?"

"Maji si yangemwagika? Alipaziba kwa kizibo cha chuma. Amekaza vizuri, hakivuji hata kidogo."

"Hita imewashwa, mama?"

"Tangu asubuhi. Tuna wageni, wote wanataka kuoga."

"Nisikilize. Watoe watu wote karibu na bafu. Nenda kwenye swichi kubwa uizime, usiingie bafuni. Nenda sasa, usikate simu."

Simu ililazwa juu ya kitu kigumu. Zikasikika ndala zikiburuzwa, mlango, sauti za watu wakiulizana. Karani alikuwa ameacha kalamu hewani. Mhariri alihesabu moyoni, akafika arobaini, akafika sitini, akaacha kuhesabu. Ndala zikarudi.

"Nimezima," alisema mwanamke. Sauti yake haikuwa tena ya taratibu. "Ukuta wa bafu una joto. Ni kawaida?"

"Tokeni nje wote. Fundi anakuja."

Mhandisi alikuwa ameshatoka mbio kabla simu haijakatwa. Mhariri alizitazama namba zilizobaki. Namba kumi. Watu kumi waliopokea barua ileile, yenye nembo ya kampuni na saini ya Karani, ikiwaagiza kwa heshima walete vali. Mpaka dakika ile alikuwa amewahofia wale tu waliopuuza barua na kuiacha vali mahali pake.

"Mzee," alisema, "katika hawa kumi, wangapi walikuwa watu wa kufuata maagizo?"

Karani alikuwa ameshabonyeza namba inayofuata, na simu ilikuwa inaita, inaita.