Maneno Matatu Kwenye Fomu ya Sindano

Fomu ilirudi saa tatu asubuhi ndani ya bahasha ileile ya kaki, na aliyeileta hakuwa tarishi. Alikuja nayo Afisa Utumishi mwenyewe, kijana mrefu mwenye viatu vinavyong'aa. Katika chumba cha kufulia nguo za hospitali viatu vya namna hiyo havina maisha marefu, maana sakafu hushinda na maji tangu alfajiri. Akauruka mfereji, akaizunguka mashine ya kukaushia, akamkuta msimamizi anapanga mashuka ya wodi ya wazazi, yale yenye ukingo wa bluu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nini tena? Ukija na miguu yako ujue kuna jambo."

"Ni hii fomu ya tathmini ya Sindano. Siwezi kuipeleka kikaoni."

Msimamizi aliweka shuka chini. Watu wote walimwita Mama Pasi, kwa kuwa aliingia hapo msichana, miaka ishirini na sita iliyopita, akawekwa kwenye pasi. Alama ya kuungua ilikuwa bado kwenye mkono wake wa kushoto. Sindano naye alikuwa mpakiaji wa mashuka ya upasuaji. Jina hilo alipewa kwa wembamba wake, na wengine wakaongeza kuwa ni kwa ulimi wake. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Kesho yake saa nne kikao kingekaa kuamua kama anaongezewa miaka miwili au anaachishwa, na kwenye kile kikao hapakuwa na hata mmoja aliyemjua. Wangesoma fomu tu.

Pale kwenye nafasi ya maoni Mama Pasi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Mzembe. Hana umakini. Tabia yake haifai.* Chini, mahali pa sahihi ya mfanyakazi, palikuwa peupe.

"Amegoma kutia sahihi," Afisa alisema.

"Agome. Nilichoandika ni kweli."

"Labda. Lakini mama, mimi nikisoma hapa sijui alifanya nini. Na yeye akisoma hajui aache nini. Umeona nini kwa macho yako?"

"Nimeona nini?" Mama Pasi alipandisha sauti hadi wale wa mashine wakageuka. "Wiki iliyopita Sista wa upasuaji kaja hapa kunivua nguo mbele ya watoto hawa! Mgonjwa yuko mezani, pakiti inafunguliwa, shuka moja haimo. Mimi na mvi zangu nasemwa kama mtoto aliyekojoa kitandani. Halafu wewe unataka niandike maneno ya asali?"

"Sitaki asali. Hilo ulilosema sasa hivi ndilo halimo kwenye fomu."

Mama Pasi akaichomoa kalamu nywelani, akakata yale maneno matatu, akaandika pembeni: *Ajitahidi zaidi.* Akamsukumia.

Afisa aliisoma, akacheka kidogo bila furaha. "Ajitahidi kufanya nini, mama?"

"Wewe kijana una maneno!"

"Ninayo nakala tupu hapa. Nakupa mpaka saa tisa. Ikipita saa tisa fomu inakwenda ilivyo, na ikienda ilivyo unajua watamfanyaje. Kama ndivyo unavyotaka, sawa, lakini utakuwa umetaka."

Aliondoka akiruka madimbwi. Mama Pasi alibaki na karatasi mbili mkononi, na joto la mashine likimpanda usoni.

Kwenye chumba chake kidogo kulikuwa na daftari la pakiti zilizorudishwa. Kila pakiti ya upasuaji hufungwa na kubandikwa kijikaratasi chenye tarehe, saa, na alama ya aliyeipakia. Ikirudi na kasoro, kijikaratasi hicho hugundishwa daftarini. Mama Pasi alivaa miwani, akarudi nyuma miezi sita, ukurasa kwa ukurasa, huku moyoni akitarajia kuzikuta za Sindano kumi au kumi na tano.

Zilikuwa tatu. Akahesabu tena. Tatu, kwa mtu anayefunga pakiti kumi kwa siku. Na zote tatu zilipungukiwa kitu kilekile, shuka ndogo moja. Saa iliyoandikwa ilikuwa ni ya kati ya tano na sita.

Akatazama saa ya ukutani. Tano kasorobo.

Sindano alikuwa kwenye meza yake ya mwisho, karibu na dirisha la mbao ambalo wauguzi hugonga, hasa saa hizo, wakitaka mashuka. Mama Pasi alivuta kigoda, akakaa.

"Umekuja kunihesabia pumzi?" Sindano aliuliza bila kuinua kichwa.

"Fanya kazi yako."

"Ninaifanya. Na mzembe pia anaifanya, si ndiyo? Ungeniambia tu, Mama Pasi. Miaka miwili nakunywa na wewe chai ya saa nne, halafu nakwenda kuyasoma kwa Afisa."

Mama Pasi aliitazama mikono iliyokuwa kazini. Sindano alitandika kitambaa cha kufungia, akakilainisha kwa kiganja, akaanza kuweka: shuka ndogo ya kwanza, ya pili, pembe zake zimelala sawasawa kama kurasa za kitabu. Zilitakiwa nne, juu yake shuka kubwa moja, taulo mbili, magauni mawili. Alikunja vizuri, hilo Mama Pasi alilijua na hakuwahi kumwambia wala kuliandika.

Akaweka ya tatu. Dirisha likagongwa.

"Shuka sita za wodi ya watoto, dada, upesi!"

Sindano aliacha, akaenda kwenye rafu, akahesabu sita, akampa muuguzi daftari la kutia sahihi. Muuguzi akaanza hadithi ya mtoto aliyetapika, Sindano akamjibu, wakacheka. Akarudi mezani, akaliangalia rundo lake, akanyoosha mkono kuchukua shuka kubwa.

"Simama hapo," Mama Pasi alisema. "Hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Ndogo."

Sindano alizipindua ncha kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Akazipindua tena, polepole. Kidole kikabaki hewani.

"Niliweka nne," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Nilikuwa na uhakika niliweka nne."

Mashine ilikuwa ikizunguka nyuma yao.

"Unajua mimi nilifikiri nini siku zote?" Sindano alisema mwishoe. "Nilifikiri kuna mtu ananitolea. Nimegombana na msichana wa pasi bure. Nyumbani nimemwambia mama yangu, kazini wananifanyia vitimbi." Macho yake yalijaa maji, akayafuta kwa mkono wa gauni. "Haya, nenda kaandike. Umenikamata."

"Sikuja kukukamata."

"Ulikuja kufanya nini basi?"

Mama Pasi alikuwa analitazama dirisha. Zamani mkunjaji wa nguo za wodi ndiye aliyekuwa analihudumia. Miezi sita iliyopita wauguzi walilalamika kwamba wanangoja, na yeye, Mama Pasi, akasema kwa mdomo wake mwenyewe: Sindano yuko karibu, dirisha ni lake, na lisikae bila mtu.

Alirudi chumbani akafunga mlango. Saa saba ilipita, hakula. Kuandika habari ya pakiti tatu kulikuwa rahisi. Ilipofika habari ya dirisha kalamu ikasimama. Fomu ile ingekwenda kwa wakubwa, na ingekaa kwenye faili. Angeweza kuiruka. Hakuna ambaye angejua, hata Sindano hakuwa ameliwaza. Lakini bila dirisha, zile pakiti tatu zingekuwa tena uzembe, ila sasa zina tarehe.

Saa nane na nusu alimwita Sindano, akampa karatasi asome kabla haijaenda popote. Ilikuwa imeandikwa kwa wino mweusi, herufi kubwa kubwa:

*Anafika kwa wakati na anakunja vizuri kuliko wote. Mashuka yake hufunguka bila kushikana. Katika miezi sita pakiti zake tatu zilirudishwa, kila moja imepungua shuka ndogo moja. Kwa sababu ya ile ya mwisho mgonjwa alingoja mezani dakika kumi na tano. Leo nimemwona: dirisha likigongwa anaiacha pakiti katikati, akirudi anaendelea bila kuhesabu. Agizo la kuhudumia dirisha nililitoa mimi. Kuanzia Jumatatu dirisha linarudi kwa mkunjaji wa wodi. Sindano akikatizwa kwa lolote, aiondoe pakiti yote mezani na kuianza upya. Kabla ya kufunga atie alama kwenye orodha, kitu kimoja kimoja. Nitakagua pakiti tano za kwanza kila asubuhi kwa wiki nne, na kila Ijumaa tutakaa naye. Tunachotaka ni miezi mitatu bila pakiti pungufu.*

Sindano aliisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Na tabia?" aliuliza. "Ilikuwa imeandikwa tabia yangu haifai."

"Niliambiwa ulimkatia Sista simu. Mimi sikuwepo, sikusikia. Nimeiondoa."

"Nilimkatia kweli."

"Basi kamwombe radhi, usinipe mimi kazi ya kuandika."

Sindano karibu acheke. Akachukua kalamu, na kwenye nafasi ya mfanyakazi akaandika kwamba pakiti ya kwanza haikumbuki lakini alama ni yake, na kwamba anaomba orodha ibandikwe mbele ya meza, si nyuma ya mlango ilipo sasa. Akatia sahihi. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika saba. Mama Pasi aliipeleka mwenyewe, na kandambili zake zilisikika ukumbi mzima.

Kesho yake saa nne na robo aliitwa kikaoni. Watu watano, meza ndefu, chupa za maji. Matroni mkuu aliuweka mkono juu ya fomu.

"Hapa umeandika agizo lilitoka kwako. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Miezi sita ulikuwa unaletewa pakiti pungufu na hukwenda kuangalia?"

"Sikwenda. Nilikwenda jana."

Wakatazamana. Wakamwambia angoje nje, na alingoja kwenye benchi pamoja na wagonjwa, amefumbata mikono, mpaka Afisa Utumishi alipotoka.

"Miezi mitatu ya matazamio," alisema. "Akitimiza yaliyoandikwa, anapewa miaka yake miwili. Na wewe, mama, utapata barua. Si kali, lakini itakuwa kwenye faili."

"Nilijua."

Sindano aliposikia hakushangilia. "Miezi mitatu!" alisema, akakaa juu ya kikapu cha nguo. "Mama yangu atauliza, nimjibu nini?"

"Mjibu miezi mitatu. Nakala yako ya fomu hii hapa, ukitaka msomee."

Sindano aliikunja mara nne, pembe kwa pembe, akaitia mfukoni. Kisha akainuka, akatandika kitambaa cha kufungia mezani.

"Kaa basi hapo kwenye kigoda chako," alisema. "Hiyo ya kutia alama unaanza na ipi, ndogo au kubwa?"

"Ndogo. Na utaje kwa sauti, nisikie."

"Moja," Sindano alisema.