Bibi Yangu Hajapata Choo Tangu Jumamosi

Kwa heshima na taadhima, mbele ya Mwenyezi Mungu, wananchi wa Dodoma na wauza dawa wote wa nchi hii, mimi Uwesu, mwanafunzi wa kidato cha tatu na msoma risala mashuhuri wa shule yetu, natamka rasmi kwamba nimedhalilishwa. Raia mwema niliingia dukani kununua bidhaa halali, nikahojiwa kama mwizi wa ng'ombe.

Bidhaa yenyewe ilikuwa dawa ya kufungua choo.

Ilikuwa Jumamosi, siku tunayoruhusiwa kutoka bwenini. Famasi ile iko karibu na soko la Majengo, na mfamasia wake ni Mama Edina, mwanamke mwenye miwani na subira ya kutisha. Kwenye benchi alikuwa amekaa mzee mmoja, Mzee Bartolomayo, akisubiri dawa yake ya presha. Nikasema shikamoo mara mbili, moja kwa kila mtu, kisha nikainama dirishani na kuomba vidonge vya kuendesha, vile vikali kabisa, pakiti mbili. Mahojiano nayaweka hapa yote ili umma uhukumu.

Swali: Vya nani?

Jibu: Vya bibi yangu, mama. Yuko Kondoa. Hajapata choo tangu Jumamosi iliyopita.

Swali: Pole yake. Ana miaka mingapi?

Jibu: Sabini na kitu.

Swali: Anatapika? Tumbo limevimba? Anatoa upepo?

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Bibi yangu ni mtu wa heshima, mke wa marehemu mwalimu wa madrasa. Nani anauliza upepo wa mtu kama huyo mbele ya wateja?

Jibu: Hatapiki. Upepo anatoa. Kwa staha.

Mzee Bartolomayo akakohoa ndani ya kofia yake.

Swali: Kuna dawa nyingine anatumia? Amepungua uzito?

Jibu: Mama, mimi nimekuja kununua, sikuja kufanya mtihani wa taifa!

"Na mimi simpi bibi wa sabini na kitu dawa kali nisiyojua itamkuta na nini," akasema. "Tumbo lililoziba ukilisukuma kwa nguvu, unaweza kumuua mtu. Mpigie simu niongee naye."

Bibi yangu wakati huo alikuwa shambani, mzima wa afya, akipalilia kwa nguvu ambazo mimi sina. Nikasema simu yake haina chaji. Kwa bahati mbaya tumbo langu lilichagua dakika hiyo kunikata, nikashika kaunta na kujikunja kama kambale.

Swali: Huyo bibi yako anasoma kidato cha ngapi?

Jibu: Cha tatu.

Mzee hakuweza tena kuvumilia. Alicheka mpaka nikamhofia ile presha yake.

"Mzee Bartolomayo, muache mgonjwa wangu," akasema Mama Edina, na akanivutia kiti pembeni ya kaunta. Akashusha sauti. Tukaanza upya, safari hii bibi akiwa ameachwa salama Kondoa.

Swali: Choo kikija kinakuwaje?

Jibu: Kama kokoto. Wiki iliyopita nililia, mama. Na sipendi mtu ajue.

Swali: Kuna damu?

Jibu: Hapana.

Swali: Umeshameza dawa yoyote?

Jibu: Jumamosi iliyopita mwenzangu Thobias alinipa vidonge vinne. Tumbo lilinisokota, nikaharisha usiku kucha, kisha choo kikafunga tena wiki nzima.

Akavua miwani. "Vinne! Vile havitibu kinachokufungia, vinakupiga mjeledi tu. Unapoteza maji, halafu unarudi palepale. Unakunywa maji?"

Jibu: Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Nikinywa mengi, nitaitwa na haja.

Swali: Kwa hiyo haja inakuja, na wewe unaibana?

Jibu: Jumapili mpaka Ijumaa. Jumamosi naenda kwa shangazi yangu Joha, Chang'ombe. Choo chake kina mlango na komeo.

"Basi nimeujua ugonjwa," akasema. "Choo kikikaa tumboni, utumbo unazidi kukinyonya maji, kinakauka kama udongo wetu wa mwezi wa tisa. Na ukiukatalia mwili kila siku, siku moja utaacha kukuita. Nini kinakuzuia kwenda chooni ukiwa shuleni?"

Ndugu wananchi, swali hilo lilifungua bwawa. Nilisimama. Nikamweleza kwamba katika shule yetu milango ya vyoo haina komeo, na mtu akiingia tu, wahuni wanajipanga nje na kumtangaza kama mpira wa miguu. Mtu hawezi kusukuma chochote huku anatangazwa! Ni ukatili! Ni ushenzi! Nchi yenye katiba inawezaje kuruhusu jambo hili?

Swali: Wanamtangaza vipi?

Jibu: Hivi!

Nikaweka ngumi mdomoni, nikalegeza koo. "Naam, mchezaji ameingia uwanjani, kopo la maji mkono wa kushoto! Anachuchumaa... anatafuta nafasi... ooh, mlinzi anakaba! Anajaribu tena, uso umemwiva, mishipa imemtoka, mashabiki wameshika vichwa! Je, atafunga? Atafunga? Mpira umegonga mwamba!"

Mzee Bartolomayo alikuwa amelala ubavu kwenye benchi. Mwanamke aliyekuja kununua dawa ya minyoo alifuta machozi. Hata mimi, nakiri, nilisahau maumivu na nikaongeza dakika za majeruhi.

Mama Edina peke yake hakucheka.

"Unayajua maneno hayo vizuri mno," akasema polepole, "kwa mtu anayeyasikia akiwa ndani."

Nikaketi.

"Wewe si wa kwanza kutoka shule hiyo. Sitataja mtu. Lakini nimemhudumia mtoto mdogo kuliko wewe, amechanika, anatoka damu, anaogopa hata kula. Alinieleza habari ya mlinzi anayekaba. Na mpira kugonga mwamba. Maneno hayohayo."

Aligeuka, akachukua chupa rafuni na kuiweka mbele yangu. Ilikuwa laktulosi, dawa tamu ya maji. Akaniambia inavuta maji kulainisha choo, haifanyi kazi leoleo bali baada ya siku moja au mbili, na mwanzoni inaweza kujaza tumbo upepo. Ninywe maji mengi, nile mlenda, maharage na papai, na kila baada ya uji wa asubuhi niende, niwe naitwa au siitwi, nisijikamue. Nikitapika, tumbo likivimba au nikiona damu, niende hospitali. Hata bila hayo, wiki mbili zikipita sijapata nafuu, niende vilevile.

"Lakini hii chupa ni kazi bure," akasema, mkono wake ukiwa bado juu yake, na sasa sauti ilikuwa imempanda, "kama utarudi kwenye choo kisichokalika. Nitampigia matroni wenu leo kuhusu makomeo. Ataniuliza jambo moja, na mimi nakuuliza wewe."

Swali: Nani alianzisha?

Nilimtazama Mzee Bartolomayo. Alikuwa ameacha kucheka.

Jibu: Mimi, mama. Muhula uliopita. Wa kwanza kumtangaza alikuwa Luka, wa kidato cha kwanza, na bweni zima lilinishangilia. Wengine wakajifunza, mpaka wakanigeuzia mimi. Luka alitoka mule hajamaliza. Baadaye sikumwona tena akienda, nikafurahi kwamba nimemweza. Sikujiuliza hata siku moja anakwenda wapi.