Wageni wa Kuangalia Nyumba

Nauza nyumba Eldoret mwaka wa kumi na moja sasa. Mnunuzi akikuta mpangaji ndani, anashusha bei au anaenda zake. Kwa hivyo kazi yangu kubwa ni kuwatoa watu, na kazi hiyo naipenda kuliko ninavyokiri kanisani.

Nyumba ya Kibet pale Kapsoya ilikuwa na mwalimu mstaafu, Hulda, na mumewe Obonyo. Obonyo alipofuka miaka sita iliyopita. Nje alikuwa mtu wa kushikwa mkono, lakini ndani ya nyumba ile alitembea kama mimi na wewe. Kitanda, ukuta, mgongo wa kochi, meza, jiko. Alijipikia chai, na Hulda akaenda sokoni bila wasiwasi. Ndiyo maana waliomba mkataba wa miaka mitano. Ulikuwa umebakiza mitatu.

Sasa, mkataba unaozidi miaka miwili usiposajiliwa kwa ofisi ya ardhi, unawafunga waliotia sahihi tu. Mnunuzi haumhusu. Kibet alikuwa amekataa kuutoa ukasajiliwe, kwa hivyo wakili wa Hulda, Bwana Wakoli, akafanya lililobaki. Aliweka zuio, yaani caution, kwenye rekodi ya kiwanja, na uhamisho wowote ukakwama hapo. Githinji, mnunuzi wangu, alifanya search kwa ofisi ya ardhi, akaliona, akanipigia simu.

"Madam, hiyo caution ikitoka nanunua. Isipotoka, tusisumbuane."

Tungeweza kumwomba msajili aliondoe. Hulda angepewa notisi, angepinga, tungevutana miezi. Lakini Hulda mwenyewe angeweza kuliondoa kwa sahihi moja mbele ya wakili yeyote.

Nikausoma mkataba wao upya. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuleta watu waangalie nyumba mchana, akitoa notisi ya saa ishirini na nne. Haukusema mara ngapi.

Siku ya kwanza nilileta watu wawili. Hulda aliwapikia chai, na Obonyo akawatembeza mwenyewe, akigonga kuta kuwaonyesha ni ngumu. Wiki iliyofuata nilituma ujumbe kila siku, saa ishirini na nne kamili kabla, na kila siku nikaleta makundi matatu. Wengi hawakuwa na shida ya nyumba hata kidogo. Walikuwa binamu zangu, wenzao wa chuo pale Chepkoilel, na yeyote aliyekuwa na saa moja ya kupoteza. Niliwaambia wapime vyumba. Mtu akipima chumba husogeza kochi, na sikumwambia yeyote alirudishe.

Siku ya tisa Obonyo alianguka juu ya meza iliyohamishwa mlangoni pa jikoni. Birika lilikuwa mkononi mwake. Nilikuwepo. Hulda alimmwagia maji baridi kifuani, na mimi nikaangalia saa kwa sababu kundi la pili lilikuwa kwa gate.

"Madam, mnataka nini kwetu?" akaniuliza.

"Sisi hatutaki kitu, Mwalimu. Nyumba haiuziki ikiwa na caution, ndiyo maana wageni hawaishi kuja. Ikitoka, tunauza, hakuna mtu atakuja kuangalia tena."

"Na mkataba wetu?"

"Githinji ni mtu wa kanisa. Ongea na yeye."

Sikudanganya neno. Wakoli alikuwa kortini siku hiyo, simu imezimwa, nami nilikuwa na wakili mwingine ndani ya gari na fomu tayari. Hulda alitia sahihi kwenye boneti.

Wiki sita baadaye hati ilisomeka kwa jina la Githinji. Mkataba haukumfunga yeye, na kodi ililipwa mwezi kwa mwezi, kwa hivyo akawapa notisi ya mwezi mmoja. Wakoli alipiga kelele sana. Alisema wanaweza kumshtaki Kibet kwa kuvunja mkataba, na ni kweli, wanaweza. Kibet yuko Perth, Australia.

Siku ya kuhama nilienda kuchukua funguo. Hulda alikuwa nje akifunga vitu kwenye pickup. Obonyo alikuwa amebaki sebuleni peke yake, na sebule ilikuwa tupu. Alinyoosha mkono kutafuta mgongo wa kochi, akakuta hewa. Akapiga hatua mbili, akasimama.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Emmaculate."

"Aah, madam. Mungu akubariki. Mama aliniambia ni wewe ulisimamisha wale wageni." Akatabasamu kuelekea dirishani, ambako sikuwepo. "Mlango uko wapi, binti yangu?"

Ulikuwa nyuma yake, hatua nne. Nilikuwa na mteja mwingine Langas saa tano na singeweza kufunga mtu akiwa ndani, kwa hivyo nilikasirika. Nikamwambia ageuke, atembee mpaka asikie jua usoni, kisha nikaanza kupiga picha za vyumba.