Alama ya Kamba

Twahiru, mpiga picha wa Katindo, alinionyesha picha ya mama yangu ya kuweka juu ya jeneza. Nikashtuka. Mama alikufa akiwa na miaka sabini. Huyu alikuwa wa thelathini, mweupe, pua nyembamba.

"Huyu mugeni ni nani?" nikamuuliza kwa hasira.

"Dada Umugwaneza, uliniletea picha ndogo ya kadi ya kura, tena imefifia. Pale programu ya kompyuta ya kukuza picha haikuona vizuri, ilijaza kwa kubahatisha. Imejifunza kwa picha nyingi za vijana na za watu wa ng'ambo. Wazee wetu ni wachache mule."

"Na alama ya kwenye paji la uso?"

Kamba aliyoipitisha kwenye paji akibeba mgongoni magunia ya makala, mkaa wa kuuza, kutoka Kibati ilikuwa imemchimba mfereji pale.

"Iliiona kama kasoro, ikailainisha. Uniletee picha kubwa, iliyo wazi."

"Hakuna ingine."

Nikaichukua ile ndogo. Kwenye paji, mstari mweusi bado ulionekana.

"Kuza hii hii, usiijaze kitu."

"Itatoka na ukungu, dada."

"Itoke. Kamba hiyo ndiyo ilinisomesha."