Karatasi ya Alima

Mume wangu Nuro hukata karatasi za mapambo, za kutundika juu ya kitanda cha bibi harusi. Mji mzima wa Palma unamjua. Ya binti yetu Alima alimwahidi tangu mtoto hajaota meno. Wiki moja kabla ya harusi, mzee wa watu akaanguka na pikipiki njia ya Olumbi, akavunjika mkono wa kulia. Basi! Akawa analala anatazama ukuta, hata chai hataki. Niliumia kumwona vile, na mimi si mtu wa kuumia kirahisi.

Alima akaja na simu. "Baba, naiambia programu ichore, halafu nitakata kwa kufuata picha."

Akaandika: maua ya karatasi iliyokatwa, mazuri sana. Ikaja picha inang'aa kama beseni la plastiki.

Nuro akacheka, mara ya kwanza baada ya siku tatu. "Ua hili limeshikwa na nini? Ukikata, linakuangukia miguuni."

"Mimi nitajuaje? Niambie wewe inavyotengenezwa."

"Hayo 'mazuri sana' futa. Mashine itajuaje uzuri wako?" Akainuka, akakaa kitako. "Andika: karatasi moja nyeupe, isiyong'aa, imekunjwa katikati ikakatwa kwa wembe, pande mbili zinafanana. Kila ua limeshikwa na ukanda mwembamba wa karatasi ileile, hakuna kipande kinachoelea. Nyuma yake karatasi ya buluu iliyokolea, imeachiwa nafasi kidogo, ionekane kwenye matundu. Taa moja tu, kutoka kushoto, iwe chini, kila ukingo utupe kivuli chembamba."

Picha ya pili, jamani! Nilinyoosha kidole niiguse. Lakini Nuro haridhiki huyu. Akaona pande hazikulingana sawasawa, na ua moja bado linaelea.

"Chapisha nusu ya kushoto tu," akasema. "Ukikunja karatasi, nusu ya pili inajikata yenyewe. Na hilo ua nitalifunga mimi."

Alima alipoileta kutoka kwa mchapishaji, baba yake akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, akachora ukanda uliokosekana. Mstari ukapinda, ukatetemeka, mwenyewe akatukana. Alima akakata siku mbili, vidole vimejaa plasta.

Asubuhi ya harusi tukaitundika. Nyeupe, safi, inapendeza, ila ukanda ule umepinda kushoto, na kwa sababu ya kukunjwa umepinda vilevile kulia. Wageni wanakuja, mimi naona aibu. Nikachukua mkasi niunyooshe.

Alima akanishika mkono. "Mama, usithubutu! Kwingine kote nimekata mimi. Hapo tu ndipo pa baba."

Nuro alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akalia mbele ya wifi zangu wote, wala hakujifuta.